Swali la Kumuuliza Bosi Kabla Hajawa Bosi Wako

Usaili unapokaribia kwisha, mwenyekiti wa jopo hufunga faili na kusema, "Haya, sisi tumemaliza. Una swali lolote kwetu?" Wasailiwa wengi hujibu, "Hapana, nashukuru," wakakusanya vyeti vyao na kutoka. Wengine huuliza majibu yatatoka lini. Ni hasara kubwa, kwa sababu mara nyingi dakika hizo chache za mwisho ndiyo nafasi pekee anayopata mtafuta kazi kumpima mtu atakayempangia kazi, kumkagua na kumpa au kumnyima ruhusa ya kwenda msibani.

Uzito wa mtu huyo unajulikana. Mwaka 2015 kampuni ya utafiti ya Gallup ilitoa ripoti kuhusu mameneja wa Marekani. Karibu nusu ya watu wazima walioulizwa walisema wamewahi kuacha kazi fulani ili tu kumkimbia bosi. Hao walikuwa na pa kukimbilia. Katika miji yetu, ambako tangazo moja la kazi huvuta mamia ya barua, aliyeangukia kwa bosi mbaya mara nyingi hubaki akivumilia, na hiyo ni sababu zaidi ya kuuliza mapema.

Swali linalowajia wengi kichwani ni hili: "Mtindo wako wa uongozi ni upi?" Si swali baya, ila halizai kitu. Kila meneja ana jibu lake tayari: mlango wangu uko wazi, napenda ushirikishwaji, sisi hapa ni familia moja. Wala si lazima awe anadanganya. Anamweleza bosi ambaye angependa kuwa, na huenda hata yeye hajawahi kukaa akajiuliza kama ndiye.

Wasaili wenyewe walishaligundua tatizo hili upande wao. Tangu miaka ya 1980, wanasaikolojia wa kazi wamekuwa wakiwashauri waajiri wamuulize msailiwa jambo lililokwisha kutokea badala ya kumuuliza angefanya nini. Ndiyo maana siku hizi jopo husema, "Tueleze siku uliyogombana na mwenzako kazini, ukafanyaje." Tukio lina tarehe, lina watu, lina mwisho wake, na ni vigumu kulitunga papo hapo likasimama. Msailiwa anaweza kuigeuza silaha hiyohiyo. Badala ya kuuliza bosi ana maoni gani kuhusu kukosoa na kukosolewa, amuulize mara ya mwisho mtu wa chini yake alipokosea, kilitokea nini.

Kwa nini makosa, na si mafanikio? Katikati ya miaka ya 1990, Amy Edmondson, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi kadhaa za hospitali nchini Marekani. Alitarajia wodi zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: wodi ambazo wauguzi waliwasifu viongozi wao ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipochimba zaidi akaona kwamba penye kiongozi mzuri watu walikuwa huru kuyasema makosa, kwa hiyo yaliandikwa na kurekebishwa. Penye kiongozi wa kutisha yalifichwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996, na yanampa mtafuta kazi kipimo cha kuaminika: bosi anayesema kwake hakuna makosa huenda ni bosi ambaye haambiwi.

Tuseme mhasibu kijana anasailiwa na kampuni ya vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Mhasibu mkuu, mama wa makamo, yupo kwenye jopo, na ndiye atakayekuwa bosi wake. Kijana anajua jinsi mwezi wa mhasibu unavyokwenda: kodi ya mishahara inasubiriwa TRA ifikapo tarehe 7, ritani ya VAT tarehe 20. Kwa hiyo halirushi swali hewani. Anasema, "Samahani mama, naomba kujifunza kidogo namna mnavyofanya kazi. Mara ya mwisho ritani ilipotoka na kosa, mlilimalizaje?"

Jibu la kwanza linaloweza kuja ni hili: "Hapa hatuna mchezo na ritani. Aliyekuwepo alikuwa mzembe, ndiyo maana nafasi iko wazi." Limekwisha. Kosa lina mwenyewe, mwenyewe ameondoka, na hakuna kilichobadilika ofisini. Anayekuja anapewa kiti kilekile pamoja na mtego uleule.

Jibu la pili linaweza kuwa refu zaidi: "Mwezi wa nne tuliingiza ankara moja ya manunuzi mara mbili. Kijana aliyeiingiza alikuja mwenyewe kuniambia tarehe 23, ritani imeshakwenda. Nilikasirika, siwezi kukudanganya. Lakini nilipotulia nikaona ritani zilikuwa zinatoka bila mtu wa pili kuzipitia, na hilo lilikuwa langu. Siku hizi inakuwa mezani kwangu tarehe 17."

Ndani ya jibu hili mna mambo ambayo hakuna hotuba ya uongozi ingeyatoa. Aliyekosea alikwenda mwenyewe, maana yake mlango kweli uko wazi. Bosi anakiri hasira yake, kwa hiyo kijana anajua anakwenda kwa mtu wa namna gani. Sehemu ya lawama ameibeba mwenyewe, na utaratibu umebadilika kwa tarehe inayotajika. Msailiwa makini ataongeza swali moja fupi: "Na yule kijana, yuko wapi sasa?" Akiambiwa ndiye anayefunga hesabu za tawi la Morogoro, amepata jibu kuhusu kukua kazini bila hata kuliuliza.

Kila fani ina ritani yake. Muuguzi ataulizia zamu ya usiku iliyoharibika, mwalimu ataulizia darasa lililofanya vibaya kwenye mtihani wa taifa, dereva wa malori atauliza siku gari ilipokwama mpakani na mzigo wa mteja. Kinachotakiwa ni tukio ambalo lazima limewahi kutokea mahali pale. Bosi akibaki kwenye maneno ya jumla hata baada ya kuombwa mfano, asihukumiwe haraka, kwani huenda ameshtuka kuulizwa. Aulizwe tena kwa upole: "Kwa mfano mwaka huu?" Akikwepa mara ya pili, hapo kuna jambo.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Katika majopo mengi ya Afrika Mashariki msailiwa kijana akimuuliza mtu mzima "Kwa nini aliyekuwepo aliondoka?" anaonekana amekuja kupeleleza. Swali hilohilo linapokelewa vizuri likija kwa mlango wa kazi: "Aliyekuwa kwenye nafasi hii alikaa muda gani, na ningependa kujua nini alikifanya vizuri ambacho mngetaka kiendelee." Bosi mwenye haki atapata la kumsifu hata mtu aliyeachana naye vibaya. Asiyekuwa nalo hata moja anatangaza namna atakavyomtaja huyu mpya siku naye akiondoka. Na ikisikika kwamba nafasi hiyo imepita watu watatu ndani ya miaka miwili, hakuna haja ya kuuliza sana.

Swali la tatu linahusu msaada, na hapa sheria inampa msailiwa nguvu asiyoijua. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo ile kinga ya kawaida dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu mkataba wa majaribio kuvunjwa kwa notisi ya siku 7. Maana yake, miezi ya mwanzo mfanyakazi yuko mikononi mwa bosi kuliko wakati mwingine wowote. Lakini Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa Tanzania mwaka 2007 zinamtaka mwajiri akutane na aliye kwenye majaribio mara kwa mara, wazungumze kuhusu tathmini yake, na ampe mwongozo panapohitajika.

Kwa hiyo anayeuliza "Katika miezi mitatu ya kwanza nitapimwa kwa mambo gani, na tutakaa lini kuyazungumza?" haombi hisani. Bosi aliyejipanga atataja mambo mawili matatu na muda: baada ya wiki nne tunakaa, mwezi wa pili uwe unafunga hesabu za benki peke yako, mpaka hapo atakuwa anakuelekeza fulani. Jibu la "wewe fanya kazi tu, tutaona" ni la kuogopwa kuliko linavyosikika, kwa sababu mtu asiyeambiwa anapimwa kwa nini anaweza kuambiwa amefeli siku yoyote.

Maswali haya yana mipaka yake. Bosi mjuzi wa maneno anaweza kusimulia tukio zuri ambalo yeye mwenyewe alilipinga. Dawa yake ni kuuliza swali lilelile kwa watu wawili. Ofisa wa rasilimali watu akisema aliyekuwepo alikwenda kusoma, na bosi akasema alifukuzwa, mmojawapo hasemi kweli, na inafaa kujua kabla ya kusaini. Mfanyakazi wa chini ana thamani zaidi ya wote wawili: akiulizwa "Mara ya mwisho kukataliana na bosi ilikuwaje?" akatazama mlangoni kabla ya kujibu, ameshajibu.

Mpaka mwingine ni kwamba pengine bosi hayupo chumbani. Nafasi nyingi za serikali ya Tanzania husailiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kituo cha kazi hujulikana baadaye. Kulisumbua jopo hilo kwa maswali ya bosi ni kupoteza muda. Hata kwenye kampuni binafsi swali la kutangulia yote ni "Nitakuwa naripoti kwa nani?", na likijibiwa kwa jina la mtu asiyekuwepo, msailiwa ana haki ya kuomba kuonana naye.

Wakati mzuri wa kuomba hivyo ni ofa ikishatoka na mkataba haujasainiwa. Kabla ya hapo msailiwa ni mmoja kati ya wengi, na swali gumu linaweza kumgharimu. Ofa ikishaandikwa, kampuni imeshamchagua na haitaki kuanza usaili upya. "Nimeipokea ofa kwa furaha, naomba nusu saa na meneja nitakayefanya naye kazi kabla ya kusaini" ni ombi la heshima, na mwajiri wa kawaida hulikubali. Hata asiyekuwa na kazi nyingine ya kuchagua, ambaye atasaini vyovyote itakavyokuwa, atatoka hapo akijua kama makubaliano ya kupimwa kwake yanatosha kubaki mdomoni, au ayaombe kwa maandishi ndani ya mkataba.