Mashimo Kumi na Sita, Ndoo Moja

Maabara ikipima fosforasi kwenye udongo, huchukua gramu mbili au tatu tu, kiasi kisichojaza hata kijiko cha chai. Gramu hizo ndizo zitakazomwambia mkulima anunue mifuko mingapi ya mbolea ya kupandia. Shamba la mahindi la ekari tatu, ukihesabu udongo wa juu tu hadi sentimita 20, lina takribani tani elfu tatu za udongo. Kati ya tani elfu tatu na kijiko kisichojaa kuna kazi inayofanyika shambani, mara nyingi kwa haraka, na kwa kawaida makosa makubwa ya majibu ya udongo huzaliwa hapo kuliko kwenye vyombo vya maabara.

Wakulima wa Mbozi, kama wenzao wa Nyanda za Juu Kusini, wanaambiwa na mabwana shamba wapime udongo kabla ya kununua mbolea. Ushauri ni mzuri. Lakini nimeona mara nyingi udongo ukiletwa kutoka shimo moja lililochimbwa pembeni mwa shamba, karibu na njia, kwa sababu hapo ndipo mwenye jembe alipofika kwanza. Udongo huo utapimwa kwa uangalifu wote na jibu litatoka limepigwa chapa safi, ila litakuwa jibu la pembeni mwa njia.

Mfanyabiashara wa nafaka anajua jambo hili bila kufundishwa. Akinunua gunia la mahindi hachoti punje za juu tu. Huchoma bambo juu, katikati na chini, upande huu na ule, kisha huangalia kilichotoka kwa pamoja. Sampuli ya udongo iliyochanganywa inafuata akili hiyohiyo: vipande vidogo vingi kutoka kila upande wa shamba vinawekwa kwenye ndoo moja, vinavurugwa vizuri, na sehemu ndogo tu ndiyo inayopelekwa maabara.

Swali ni vipande vingapi. Watafiti walilijibu kwa uvumilivu mkubwa. Walichukua mashamba yaliyoonekana sawasawa kwa macho, wakachimba mashimo mengi, na badala ya kuchanganya udongo wakapima kila kipande peke yake. Waligundua kwamba hata shamba lenye rangi moja na mteremko mmoja halina udongo mmoja. Fosforasi inaweza kutofautiana maradufu kati ya shimo na shimo, na sehemu kubwa ya tofauti hizo hupatikana ndani ya hatua chache tu, maana mbolea ilidondoka hapa, kinyesi cha ng'ombe kikaangukia pale, majani yakachomwa kule. Uchachu wa udongo, yaani pH, hutulia zaidi. Fosforasi ndiyo inayorukaruka.

Tuchukue mfano. Tuseme wastani halisi wa fosforasi katika shamba letu ni miligramu 12 kwa kila kilo ya udongo, na mashimo mengi yanapishana na wastani huo kwa 5 hivi, juu au chini. Ukituma udongo wa shimo moja, jibu linaweza kuangukia popote kati ya 2 na 22. Atakayepata 2 ataambiwa shamba lina njaa kali ya fosforasi, atakayepata 22 ataambiwa apunguze mbolea, na wote wawili wamechimba shamba lilelile. Mashimo manne yakichanganywa, jibu linabanwa kati ya 7 na 17. Mashimo 16 yanalibana kati ya 9.5 na 14.5, na hapo ushauri wa mbolea hauyumbi sana. Ili ubane tena nusu ya hapo unahitaji mashimo 64. Kanuni ni kwamba ukizidisha mashimo mara nne, kosa linapungua nusu tu, kwa hiyo kila shimo jipya linaongeza faida ndogo kuliko lililotangulia. Ndiyo maana ushauri wa nchi nyingi unaangukia mashimo 15 hadi 20 kwa shamba la aina moja.

Angalia pia kwamba hesabu hii haikuuliza ukubwa wa shamba. Inauliza udongo unapishana kiasi gani. Ekari moja ya aina moja inahitaji mashimo karibu sawa na ekari tatu, na mwenye nusu ekari asidhani matano yanamtosha.

Sasa tuingie shambani. Ekari zetu tatu zimepangana, hatua 70 kwa upana na hatua 210 kwa urefu. Zunguka kwanza bila kuchimba. Angalia rangi ya udongo, mteremko, na uliza historia: palikuwa na zizi wapi, jaa la nyumba lilikuwa wapi, kona ipi ililimwa maharage wakati kwingine kulikuwa na mahindi. Sehemu iliyo tofauti kweli haichanganywi. Ipewe ndoo yake au iachwe. Ruka hatua tano kila ukingo, kwa sababu mipakani udongo umekanyagwa na umepata majani ya miti na takataka za njia. Kinachobaki ni hatua 60 kwa 200. Kipite kwa zigizaga ya mikato minne: kutoka kona moja nenda ukingo wa pili huku ukisonga mbele hatua 50, kisha rudi ukingo wa kwanza kwa namna hiyohiyo, hadi umalize. Njia yote ni hatua 312 hivi. Chimba la kwanza baada ya hatua 10, kisha kila baada ya hatua 20, na utamaliza shamba na mashimo 16.

Hatua ya ishirini ikiangukia kichuguu, chini ya mti au kwenye majivu, sogea pembeni. Huko si kudanganya. Tuseme mashimo 15 yana fosforasi ya 12 kila moja, na la kumi na sita limeangukia zizi la zamani lenye 200. Wastani wa ndoo utakuwa karibu 24, maradufu ya ukweli, na hakuna mtu maabara atakayejua. Wingi wa mashimo unatuliza bahati nasibu, lakini hauwezi kusahihisha mahali pabaya. Hali kadhalika mistari ya msimu uliopita: mbolea ya kupandia iliwekwa kwenye mashimo ya mbegu, na fosforasi haisafiri, hubaki palepale ilipowekwa. Kama shamba halijalimwa tangu mavuno na mabua bado yanaonyesha mistari, chimba katikati ya mistari.

Kina ndicho kinachoharibu sampuli nyingi kimyakimya. Sentimita 20 ndicho kina ambacho jembe na plau huvuruga, ndipo mizizi mingi ya mahindi inapojipatia chakula, na zaidi ya yote, viwango vingi vya kutafsiri majibu vilitengenezwa kwa majaribio ya mbolea yaliyopimwa kwa kina hicho. Ukileta kina kingine, unasoma jibu lako kwa kipimo cha mtu mwingine. Tuseme sentimita 10 za juu zina fosforasi ya 20 na 10 za chini zina 8. Kipande kilichonyooka hadi 20 kinatoa 14. Mkono uliochoka ukiishia 10 unatoa 20. Na yule anayechimba shimo la umbo la V na kuchota udongo wote uliotoka anapata 17, kwa sababu robo tatu ya udongo wa shimo la namna hiyo unatoka nusu ya juu.

Bila bomba la chuma la kuchukulia udongo, sepetu inatosha. Ondoa majani na mabua juu bila kukwangua udongo. Chimba shimo la V hadi alama ya sentimita 20, ambayo umeikwaruza mapema kwenye chuma cha sepetu, na utupe udongo wake pembeni. Kisha kata kibanzi cha sentimita tatu kutoka ukuta mmoja wa shimo. Kikiwa bado kimelala juu ya sepetu, kata kwa kisu pande zote mbili, ubaki na mfito mwembamba wa katikati wenye unene na upana uleule kutoka juu hadi chini. Mfito huo ndio unaoingia ndooni. Mifito 16 haitafika kilo nne.

Kazi ni rahisi mara baada ya kuvuna, udongo ukiwa bado na unyevu kidogo. Agosti na Septemba ardhi ya Mbozi imekauka, chuma hakizami, na mashimo ya mwisho huwa mafupi kuliko ya mwanzo.

Ndoo iwe ya plastiki. Ya bati huacha zinki kwenye udongo, na zinki ni moja ya virutubisho ambavyo mahindi huhitaji kupimiwa. Mfuko wa mbolea, hata ukiwa umekung'utwa, usiguse sampuli. Vunja mabonge kwa mikono, changanya, tandaza kwenye karatasi safi, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, na rudia hadi ubaki na nusu kilo. Anika kivulini. Udongo mbichi uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuachwa juani hubadilika, hasa nitrojeni yake. Kwenye lebo andika shamba, tarehe, kina na idadi ya mashimo, maana utakaporudi baada ya misimu miwili au mitatu utahitaji kurudia kina na majira yaleyale ili majibu yalinganishwe. Kama unashuku uchachu wa chini, chukua sentimita 20 hadi 50 kwenye ndoo nyingine. Usiuchanganye na wa juu.

Njia hii ina upungufu mmoja wa kweli. Ndoo moja inakupa wastani na inaficha jinsi udongo unavyopishana, kwa hiyo huwezi kujua kama shamba uliloliita la aina moja ni la aina moja kweli. Mara ya kwanza ya kupima, kama fedha ya vipimo viwili ipo, beba ndoo mbili. Shimo la kwanza, la tatu, la tano na kuendelea liingie ndoo ya kushoto. La pili, la nne, la sita liingie ya kulia. Peleka zote mbili. Kwa shamba la mfano wetu, majibu yakipishana hadi 5 ni kawaida: 11 na 14 ni shamba moja, na wastani wake ndio wa kutumia. Lakini yakija 9 na 21, usigawanye kwa mbili. Rudi kwenye zigizaga yako na uwaulize wazee palipokuwa na zizi, kisha ugawe shamba vipande viwili, kila kimoja na mashimo yake 16.