Tangazo la kazi ya sikukuu: soma saa kabla ya mshahara

Desemba inapokaribia, maduka ya Kariakoo hubandika matangazo ya wauzaji wa muda. Tuseme moja linasema: “Kupanga bidhaa, kuhudumia wateja, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, siku tano kwa wiki, sh 9,000 kwa siku, malipo kila Jumamosi, leta barua na nakala ya kitambulisho.”

Piga hesabu. Ukitoa saa moja ya mapumziko, unafanya kazi saa 11. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Mbili zilizobaki ni za ziada, na kila moja hulipwa mara moja na nusu. Kama sh 9,000 ni za saa 9, ziada ni sh 3,000, hivyo unastahili sh 12,000. Sikukuu ya kitaifa hulipwa mara mbili.

Uliza pia tarehe ya mwisho wa mkataba, na uipate kwa maandishi. Ukiombwa “ada ya fomu”, ondoka.