Mhadhara wa Mitandao Ndani ya Mchoro Mmoja

Mhadhiri wa mitandao ya kompyuta huanza na DNS, akarukia waya, kisha akarudi kwenye TCP. Aliyeandika kila kitu kama alivyokisikia hubaki na msururu wa vifupisho. Ili aupange, achore safu wima tatu: tabaka, itifaki, na jina la fungu la data.

Ajaze kwa kufuata ukurasa mmoja wa tovuti unavyotoka kwenye seva. Juu kabisa, tabaka la programu, HTTP inatoa ujumbe. TCP inaukata vipande, na kila kipande kikishavishwa kichwa cha baiti 20 huitwa segimenti. IP toleo la 4 inaongeza kichwa chake cha baiti 20, tunapata pakiti. Etheneti inaifunga kwa baiti 14 mbele na 4 nyuma: hiyo ni fremu. Kwenye waya zinapita biti tu. Fremu ya kawaida hubeba pakiti isiyozidi baiti 1,500, kwa hiyo kipande cha ukurasa chenyewe hakizidi 1,460.

Wengi huiweka DNS pamoja na IP, kwa kuwa inashughulikia anwani. Swali la kujiuliza ni inabebwa na nani. Kwa kawaida DNS husafiri ndani ya UDP, bandari ya 53, basi mahali pake ni juu, jirani na HTTP. Msumbufu ni ARP: inabebwa na fremu moja kwa moja, ilhali inaitumikia IP. Mimi huichora juu ya mstari unaotenganisha matabaka hayo mawili.