Sam Hakuambiwa "Tena"

Mjomba wangu, mpenzi wa filamu za zamani tangu enzi za kanda za VHS, alikuwa na msemo wake wa safarini. Kila wimbo alioupenda ulipokwisha kwenye redio ya gari, aligeukia kiti cha nyuma na kuniagiza kwa sauti nzito: "Ipige tena, Sam!" Alinieleza kwamba hayo ni maneno ya Humphrey Bogart katika filamu ya Casablanca. Niliyabeba hivyo kwa miaka mingi, mpaka jioni moja nilipokaa kuitazama filamu yenyewe, kalamu mkononi, nikiyangojea yatamkwe. Filamu ikaisha. Ndege ikaruka, ukungu ukatanda uwanjani, na sentensi ya mjomba sikuisikia.

Nikarudi nyuma. Maneno yanayofanana nayo yamo katika sehemu mbili, zote kabla filamu haijafika nusu. Katika sehemu ya kwanza Ilsa, anayeigizwa na Ingrid Bergman, anaingia kwenye mkahawa wa Rick na kumkuta Sam, mpiga piano aliyemfahamu Paris. Anamwomba aupige wimbo wao mara moja tu, kwa ajili ya siku zilizopita. Sam anajifanya haelewi. Ilsa anasema tena, safari hii akiutaja wimbo kwa jina: "Upige, Sam." Sam anadai ameusahau, Ilsa anamwimbia kidogo kwa kuguna, na Sam anaupiga.

Usiku huohuo mkahawa umefungwa. Rick, ambaye ndiye Bogart, yuko peke yake na chupa ya pombe mezani. Anamwambia Sam kwamba anajua ni wimbo gani anaoutaka. Sam anakwepa. Rick anamkumbusha kwamba amempigia yule mwanamke, basi na yeye ampigie. Kama Ilsa ameweza kuuvumilia, yeye pia ataweza. Kisha anaamuru: "Upige!" Basi. Hakuna "tena", na katika amri hiyo jina la Sam halimo.

Ukiziweka sehemu hizo mbili pamoja utaona kosa lilikotokea. Wimbo ni uleule, unaombwa mara mbili usiku mmoja, na mpigaji ni Sam. Kumbukumbu imechukua matukio mawili ikayafanya sentensi moja fupi inayobeba habari yote: neno "tena" linasimulia kwamba uliwahi kupigwa, na jina "Sam" linamweleza asiyeiona filamu ni nani anayeambiwa. Sentensi ya kubuni inasimulika vizuri kuliko ile ya kweli. Halafu mwaka 1969 Woody Allen akaipa tamthilia yake jina hilohilo lenye "tena", na mwaka 1972 ikageuzwa filamu. Baada ya hapo watu walikuwa wameyaona maneno hayo kwa macho yao, yamechapishwa kwenye mabango. Walichosahau ni kwamba bango lilikuwa la filamu nyingine.

Kwa hiyo ukitaka kuhakiki kauli, chanzo cha kwanza ni sauti ya filamu yenyewe, na hapo inafaa kuwa makini. Sikiliza kwanza bila maandishi ya chini ya skrini. Maandishi hayo yana nafasi ndogo, kwa kawaida mistari miwili tu, na mtazamaji lazima ayamalize kabla picha haijabadilika. Mtafsiri analazimika kukata. Neno kama "mara moja" au "basi" ndilo linaloachwa kwanza, na mara nyingi ubishi wote umelalia neno kama hilo. Andika ulichosikia, kisha andika saa, dakika na sekunde kilipotamkwa, pamoja na toleo ulilolitazama, maana filamu moja inaweza kuwa na toleo la sinema, la televisheni lililokatwa, na la mwongozaji. Mwenzako akibisha, hatabishana na kumbukumbu yako. Atakwenda kwenye dakika ile ile akasikilize.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuna tahadhari ya ziada. Wengi wetu tulizijua filamu za Marekani na za Hong Kong kupitia kwa wasimuliaji, kama DJ Afro wa Kenya au Lufufu wa Tanzania. Msimulizi hafasiri neno kwa neno. Anampa mhusika jina jipya, anaongeza matusi na methali, anatabiri ngumi kabla haijatua. Hiyo ni sanaa kamili na ninaipenda kwa moyo wote, lakini kauli uliyoikariri kibandani ni mali ya msimulizi. Ukiitafuta kwenye filamu ya asili hutaikuta, na si kwamba kuna aliyeifuta.

Wengine hukimbilia kwenye maandishi ya mchezo, yaani skripti, wakidhani ndiyo hati ya mwisho. Casablanca inaonyesha kwa nini haitoshi. Mwishoni kabisa Rick na Kapteni Renault wanatembea kuingia kwenye ukungu, na Rick anatamka ile sentensi maarufu kuhusu mwanzo wa urafiki mzuri. Sentensi hiyo iliongezwa wakati upigaji picha umeshakwisha. Mtayarishaji Hal Wallis ndiye aliyeipata, na Bogart akaitwa studio wiki kadhaa baadaye kuja kuirekodi. Itazame tena sehemu hiyo: wanaume wawili wametupa mgongo, midomo yao haionekani, kwa hiyo iliwezekana kuweka maneno yoyote juu ya picha. Mtu mwenye skripti iliyotumika wakati wa kupiga picha angeapa kwamba kauli hiyo haipo.

Hata aliyekuwepo wakati wa kupiga picha anaweza kuapa vibaya kwa nia njema. Mwaka 1980 ilitoka The Empire Strikes Back, filamu ya pili ya Star Wars. Watu wengi humnukuu Darth Vader akisema, "Luke, mimi ndiye baba yako." Kwenye filamu, Luke anamshutumu kwamba alimuua baba yake, na Vader anamjibu: "Hapana. Mimi ndiye baba yako." Ile "hapana" ndiyo roho ya sentensi, maana inajibu shutuma. Ukiinukuu mbali na filamu haina cha kujibu, ndiyo maana watu huiondoa na kuweka jina badala yake, kama walivyomwongezea Sam. Siku ya kupiga picha, David Prowse, aliyekuwa ndani ya vazi la Vader, hakusema sentensi hiyo wala ile. Ili siri isivuje alipewa maneno ya uongo, kwamba Obi-Wan ndiye aliyemuua baba yake Luke. Mwongozaji Irvin Kershner alimnong'oneza ukweli Mark Hamill, aliyeigiza Luke, muda mfupi kabla ya kamera kuwaka. Sauti tunayoisikia ni ya James Earl Jones, iliyorekodiwa baadaye. Fundi aliyesimama pale siku ile alisikia kwa masikio yake mwenyewe maneno ambayo hayamo kwenye filamu.

Habari za nyuma ya pazia ni ngumu zaidi kuhakiki, kwa sababu huwezi kuzitazama kwenye skrini. Tuchukue dai moja linalosimuliwa sana: kwamba Ronald Reagan, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, nusura awe Rick wa Casablanca. Dai hili lina hati. Tarehe 5 Januari 1942 gazeti la The Hollywood Reporter liliandika kwamba Reagan na Ann Sheridan wataigiza filamu hiyo. Mtu akikuonyesha nakala ya gazeti la wakati ule, unadhani ubishi umekwisha.

Ndiyo kwanza umeanza. Swali la kuuliza ni nani aliyeiandika habari ile, na kwa faida ya nani. Ilitoka ofisi ya matangazo ya studio ya Warner Bros., na studio za wakati ule zilikuwa na kawaida ya kutoa habari za namna hiyo ili majina ya waigizaji wao wa mikataba yasikauke magazetini. Reagan alikuwa afisa wa akiba wa jeshi, Marekani ilikuwa imeingia vitani mwezi uliotangulia, na mwezi Aprili aliitwa kazini. Sasa weka pembeni yake hati ya aina nyingine: barua fupi ya ndani ya studio ya tarehe 14 Februari 1942, ambayo Wallis anamwagiza mkuu wa kuchagua waigizaji amfikirie Humphrey Bogart kwa Casablanca. Barua hiyo haikuandikwa isomwe na umma, iliandikwa ili kazi ifanyike. Hati zote mbili ni za kweli kwa maana ya karatasi na tarehe, ila moja ilikuwa tangazo na nyingine ni kazi. Mwandishi Aljean Harmetz alizipekua nyaraka za studio na kulieleza suala hili katika kitabu chake cha 1992 kuhusu utengenezaji wa filamu hiyo. Kitabu cha namna hiyo, kinachokuonyesha barua na tarehe, kinashinda kurasa mia za "je, wajua".

Kurasa hizo ndizo nyingi. Sehemu ya dondoo kwenye IMDb huletwa na watumiaji wenyewe, kwa hiyo ichukue kama fununu ya kufuatilia. Kwa filamu za Marekani, AFI Catalog ya Taasisi ya Filamu ya Marekani huandaliwa na watafiti na mara nyingi hueleza habari ilikotoka. Hata huko, soma kwa utulivu. Ukikuta Casablanca imeandikwa ya 1942 mahali pamoja na ya 1943 mahali pengine, usiharakishe kusema mmoja amekosea. Ilioneshwa mara ya kwanza New York tarehe 26 Novemba 1942, majuma machache baada ya majeshi ya Washirika kutua Afrika Kaskazini na mji wa Casablanca kujaa kwenye habari. Ilisambazwa nchini kote Januari 1943, na ndiyo maana Oskari yake ya filamu bora inahesabiwa ya mwaka huo.

Kuna dai moja ambalo msomaji wa Kiswahili ana uwezo wa kulipima kuliko mtafiti yeyote wa Hollywood. Kurasa nyingi za mtandaoni husema majina yote ya The Lion King ya 1994 ni ya Kiswahili, na kwamba "Nala" maana yake ni zawadi na "Mufasa" ni mfalme. Ukihesabu kurasa utakata tamaa, ni nyingi mno, lakini ukizisoma kwa karibu utaona zinarudia maneno yaleyale, zimenakiliana. Ukurasa mmoja ulionakiliwa mara mia bado ni shahidi mmoja. Vivyo hivyo kwa wimbo wa ufunguzi: wageni wengi hudhani sauti ile ya kwanza wakati jua linachomoza ni Kiswahili, kumbe ni Kizulu, na mwenye sauti ni Lebo M wa Afrika Kusini.

Mpwa wangu wa darasa la sita alinijia na orodha hiyo ameinakili kwenye daftari. "Mjomba, Nala ni zawadi kweli?" Nikampa kamusi badala ya jibu. Tulikaa mezani, yeye akifungua kurasa kwa kidole chenye wino. Mbele ya Simba na Rafiki aliweka alama ya vema bila hata kutafuta. Pumbaa alimkuta kwenye kitenzi, akacheka. Shenzi vilevile. Chini ya zawadi alikuta maneno ndugu, tunu na hidaya, akayaandika yote. Kisha akapiga mstari kwa rula juu ya "zawadi" na "mfalme", na mbele ya Nala na Mufasa akaacha nafasi tupu.