Tufe Linapoacha Kuteleza

Njia ya mchezo wa bouling ina urefu wa mita 18.29, kuanzia mstari ambao mchezaji haruhusiwi kuuvuka hadi pini ya kwanza. Tufe lenyewe lina upana wa sentimita 21.6 hivi, na lile zito kuliko yote yanayoruhusiwa lina kilo 7.26. Mchezaji akiliachia chini bila kulizungusha hata kidogo, halibingiriki papo hapo. Linateleza kwanza, matundu ya vidole yakitazama upande uleule, kisha taratibu linaanza kujiviringisha.

Kinacholigeuza ni msuguano, nao hufanya kazi mbili kwa mpigo. Sehemu ya chini ya tufe inakwaruza sakafu kuelekea mbele, hivyo sakafu nayo inaisukuma nyuma. Msukumo huo unapunguza mwendo wa tufe zima. Lakini kwa kuwa unalishika chini, si katikati, unalipindua pia lianze kuzunguka. Kasi ya kwenda inashuka huku kasi ya kuzunguka ikipanda. Zikilingana, ile sehemu inayogusa sakafu haikwaruzi tena: kuteleza kumekwisha, kubingirika kumeanza, na ule msuguano wa kukwaruza haupo tena.

Zinalingana wapi? Tuchukue tufe ambalo ndani limejaa sawasawa. Kila kasi yake ya kwenda inapopungua kwa mita 1 kwa sekunde, kasi ya uso wake kuzunguka kiini huongezeka kwa mita 2.5 kwa sekunde. Ni kwa sababu sehemu kubwa ya masi ya tufe haiko ukingoni, kwa hiyo halioni tabu kuzungushwa. Lingekuwa pete tupu, uwiano ungekuwa 1 kwa 1.

Basi tuliachie tufe kwa mita 7 kwa sekunde. Likishapoteza 2, limebakiwa na 5. Uso nao umepata mara 2.5 ya zile 2, yaani 5. Zimelingana. Anza na kasi yoyote upendayo, jibu litakuwa lilelile: kasi ya mwisho ni sehemu 5 kati ya 7 za kasi ya mwanzo.

Angalia kisichoonekana katika hesabu hiyo. Uzito wa tufe haumo, upana wake haumo, wala ukali wa msuguano haumo. Hapa ndipo wengi hubisha. Wanaona kwamba sakafu kavu inalipunguza tufe kasi zaidi kuliko sakafu yenye mafuta, na kwa muda mfupi wako sahihi. Ila sakafu kavu, kwa ukali huohuo, inalizungusha upesi zaidi na kumaliza kazi mapema. Msuguano unaamua lini na wapi tufe litaanza kubingirika, hauamui kwa kasi gani.

Tupime. Kwenye mbao kavu ambako msuguano ni kama moja ya tano ya uzito wa tufe, tufe letu la mita 7 kwa sekunde litateleza kwa sekunde 1 tu, mita 6 hivi. Kwenye mafuta, msuguano ukishuka hadi asilimia 4 ya uzito, lingehitaji mita 30 kabla ya kubingirika, na njia haina mita hizo. Lingezifikia pini likiwa bado linateleza. Ndiyo maana njia hupakwa mafuta sehemu ya mbele tu. Tuseme mafuta yanaishia mita 12: tufe linatoka hapo na mita 6.3 kwa sekunde, linaingia pakavu, na baada ya mita 3.7 nyingine linabingirika. Kwa kasi gani? Zilezile 5.

Nishati haikusalimika yote. Tufe la kilo 7.26 lilianza na jouli 178. 51 kati yake zimegeuka joto kwa kukwaruzana na sakafu.

Kanuni hii ina mipaka yake. Matufe ya kisasa yana kiini kizito chenye umbo maalumu, kwa hiyo uwiano wa kweli huwa kati ya asilimia 70 na 75 hivi badala ya 71.4. Na wachezaji wazoefu huliachia tufe likiwa tayari linazunguka. Likizunguka kwa mbele, litapoteza kasi ndogo zaidi. Likizunguka kinyume, litapoteza kubwa zaidi.

Ukitaka kuhakikisha, bandika kipande cha utepe mweupe kwenye tufe, kisha lirekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole. Mzingo wa tufe ni sentimita 68. Likisonga zaidi ya hapo katika mzunguko mmoja, bado linateleza.