Potenshali Nyingi, Uga Uleule: Uhuru wa Kuchagua Geji

Uga wa umeme E na uga wa sumaku B huonekana kwa kani zinazoisukuma chaji. Kuzikokotoa nyuga hizi moja kwa moja mara nyingi ni kazi ndefu, kwa hiyo wanafizikia huanza na maumbo mawili ya kihisabati: potenshali skala φ, ambayo ni namba moja katika kila nukta, na potenshali vekta A, ambayo katika kila nukta ina ukubwa na mwelekeo. Nyuga hupatikana kutokana nazo hivi:

```
B = ∇×A
E = −∇φ − ∂A/∂t
```

Alama ∇φ ni mteremko wa φ, na ∇×A hupima jinsi A inavyozunguka kila nukta. Kwa kuwa nyuga hutokana na mabadiliko ya potenshali, si thamani zake zenyewe, potenshali nyingi tofauti zinaweza kutoa nyuga zilezile. Ncha za betri ya volti 12 zinaweza kuandikwa 0 na 12, au 100 na 112. Taa itawaka vilevile.

Kwa A uhuru huo ni mpana zaidi. Chukua uga wa sumaku ulio sawa kila mahali, wenye nguvu B, unaoelekea upande wa z. Potenshali mbili zifuatazo zote zinautoa:

```
A₁ = (0, Bx, 0)
A₂ = (−By/2, Bx/2, 0)
```

Ukizichora, hazifanani hata kidogo. Mishale ya A₁ yote iko sambamba na mhimili wa y na hurefuka kadiri x inavyokua, ilhali ya A₂ huzunguka kitovu. Hata hivyo, A₁ − A₂ = (By/2, Bx/2, 0), na hiyo ni mteremko wa Bxy/2. Mteremko wa namba yoyote hauna mzunguko, kwa hiyo tofauti hiyo haiugusi uga B.

Njia ya kuhakiki ni kujumlisha A kando ya mzingo uliofungwa. Jibu ni lazima liwe sawa na mtiririko wa sumaku unaopita ndani yake. Tuseme kuna mraba wenye upande wa mita 0.1, pembe yake moja iko kwenye kitovu, na B ni tesla 0.2. Kwa A₁, ni upande mmoja tu unaochangia: ule wa x = 0.1, unaotoa 0.02 × 0.1 = weba 0.002. Kwa A₂, pande mbili huchangia weba 0.001 kila mmoja. Jumla ni ileile.

Kanuni ya jumla ni kuchagua namba λ inayotegemea mahali na wakati, kisha kubadilisha potenshali zote mbili kwa pamoja:

```
A' = A + ∇λ
φ' = φ − ∂λ/∂t
```

Mabadiliko haya huitwa mabadiliko ya geji. Mwanafunzi hukosea anapoigusa A na kuisahau φ. Kati ya mabamba mawili yaliyoachana sentimita 1 na yenye volti 12, E₀ ni volti 1200 kwa mita. Kwa kawaida huandikwa φ = −E₀x na A = 0. Ukichagua λ = −E₀xt, φ' inakuwa sifuri kila mahali, nayo A' inakuwa −E₀t kuelekea x. Uga hautoweki: −∂A'/∂t inarudisha E₀ yote, na volti 12 zinabaki palepale. Lakini ukiacha φ ya zamani mahali pake, utapata 2E₀, volti 2400 kwa mita. Uga uliobadilika baada ya kubadili geji ni dalili kwamba hesabu imekosewa.

Geji huchaguliwa kwa kuangalia kazi iliyopo. Katika geji ya Kulombu, ambamo ∇·A = 0, φ hukokotolewa kana kwamba chaji zimetulia. Chaji ikisogezwa duniani, φ ya huko mwezini hubadilika papo hapo. Hilo halivunji kikomo cha mwendo wa mwanga, kwa sababu φ peke yake haipimiki. Mchango wa A huyafuta mabadiliko hayo ya mapema, na badiliko la E hufika mwezini baada ya sekunde 1.3 hivi.

Geji ya Lorenz, yenye jina la Mdenmaki Ludvig Lorenz aliyeitumia mwaka 1867, hudai ∇·A + (1/c²)∂φ/∂t = 0. Hapo φ na A zote hufuata mlinganyo wa wimbi na husafiri kwa mwendo wa mwanga, jambo linaloifaa hesabu ya antena. Kwa chaji zinazokwenda polepole, geji ya Kulombu ndiyo rahisi. Hesabu ikifanywa sawasawa, E na B za mwisho hazitofautiani.