Kuandika Upya Swali la Mtihani Linalofasiriwa kwa Njia Nyingi: Mfano wa Kiambishi *ki*

Swali linapokosewa na watahiniwa wengi, wakiwemo wanaofanya vizuri katika maswali mengine, lawama haipaswi kuangukia ujifunzaji wao peke yake. Swali lenyewe lichunguzwe. Mfano wa sarufi ufuatao unadhihirisha jambo hilo:

*Eleza dhima ya kiambishi "ki" katika sentensi: Kitoto kilikuwa kikicheza alipokiona. (alama 4)*

Swali hili linaweza kueleweka kwa njia tatu. Mtahiniwa wa kwanza huona neno *kiambishi* liko katika umoja, akaeleza dhima moja tu. Wa pili hukumbuka somo la darasani na kuorodhesha matumizi yote ya *ki*, pamoja na masharti, ambayo hayamo katika sentensi hii. Wa tatu huhesabu *ki* mara tano, kisha akashangaa kwa nini alama ni nne. Mtahini alikusudia dhima nne: udogishi katika *kitoto*, upatanisho wa kiima katika *kilikuwa* na katika *ki* ya kwanza ya *kikicheza*, hali ya kuendelea katika *ki* ya pili, na mtendwa katika *alipokiona*. Kusudio hilo limo katika mwongozo wa kusahihisha, wala halimo katika swali.

Hatua ya kwanza ya marekebisho ni kuandika jibu linalotarajiwa kabla ya kugusa swali. Iwapo jibu lina mambo manne, hayo ni maswali manne. Hatua ya pili ni kuchagua jambo moja na kulitaja mahali pake:

*Soma sentensi: Kitoto kilikuwa kikicheza alipokiona. Katika neno "kikicheza", kiambishi "ki" cha pili kina dhima gani? (alama 1)*

Faida yake huonekana katika majibu yenyewe. Katika swali la awali, jibu "masharti" lingeweza kutokana na kuorodhesha tu. Katika swali jipya, jibu hilohilo linaonyesha kwamba mtahiniwa hatofautishi *ki* ya masharti na *ki* ya hali ya kuendelea. Mwalimu hujua sasa afundishe nini upya. Swali halijawa rahisi; makosa yatabaki, ila yatahusu sarufi.

Hata hivyo, marekebisho haya yana gharama. Kumwonyesha mtahiniwa *ki* ilipo kunamwondolea kazi ya kuitafuta. Ikiwa utambuzi ndio unaopimwa, swali liombe utambuzi peke yake: *Pigia mstari kila kiambishi "ki" katika sentensi hii.*

Kabla ya kulitumia, swali jipya lisomwe na mwalimu ambaye hajauona mwongozo. Asilijibu kwanza, aseme kwa maneno yake linauliza nini. Akisita, au akitaja mambo mawili, kazi ya kuliandika bado haijakamilika.